Kumjibu mteja aliyeandika mtandaoni: mwongozo kwa wenye maduka na magari wa Arua na Koboko

Na Mwandishi Wetu, Arua

Mfanyabiashara wa Aru, upande wa Kongo, anayetaka kununua bidhaa za jumla Arua siku hizi haanzi kwa kuuliza sokoni peke yake. Kabla hajavuka Vurra hufungua simu yake, akatafuta jina la duka kwenye Ramani za Google, akatazama nyota na kusoma maneno ya wateja waliotangulia. Mwenye duka la Yei anayepitisha mzigo wake Kaya na Oraba hufanya vivyo hivyo anapotafuta gari la kumfikishia bidhaa. Wote wawili husoma pia kitu cha pili ambacho wafanyabiashara wengi wa West Nile hawakipi uzito, nacho ni jibu la mwenye biashara lililo chini ya maneno ya mteja.

Jibu hilo ni fupi, mara nyingi ni sentensi 3 au 4, lakini linasomwa na watu wengi kuliko yule aliyeandikiwa. Makala haya yanaeleza namna ya kuliandika kwa mteja aliyesifu na kwa mteja aliyelalamika kidogo. Malalamiko mazito, kama vile mzigo kupotea, ajali au tuhuma za wizi, yana njia nyingine ambayo tutaigusa mwishoni.

Nani anasoma, na kwa nini jibu lina thamani

Mwaka 2017 watafiti wawili, Davide Proserpio na Georgios Zervas, walichapisha katika jarida la Marketing Science utafiti kuhusu hoteli za jimbo la Texas, Marekani. Walilinganisha maoni ya wageni katika tovuti ya TripAdvisor, ambako hoteli nyingi zilikuwa zikiwajibu wageni, na maoni ya tovuti ya Expedia, ambako hoteli hizo hizo hazikuwa na kawaida ya kujibu. Waliona kwamba hoteli ilipoanza kujibu, idadi ya maoni iliongezeka kwa asilimia 12 na wastani wa nyota ukapanda kwa 0.12.

Sababu waliyoitoa inafaa kufikiriwa na mfanyabiashara yeyote. Mteja anayejua kwamba mwenye mali atasoma na kujibu hasiti tu kuandika sifa, bali pia husita kuandika lawama ya kubahatisha. Malalamiko yalipungua, lakini yaliyobaki yalikuwa marefu zaidi na yenye maelezo. Kwa maneno mengine, anayejibu hupata malalamiko machache ambayo ni ya kweli, na hayo ndiyo yanayomfaa kurekebisha kazi yake.

Hoteli za Texas si ofisi za vifurushi za Koboko, na hatuwezi kusema kwamba tarakimu zile zile zitatokea hapa. Ila msingi wake tunaujua sokoni siku zote: muuzaji anayesimama na kumsikiliza mteja mbele za watu hapigiwi kelele ovyo.

Tuangalie pia hesabu ya nyota. Tuseme ofisi ya usafirishaji ina maoni 12: wateja 9 wametoa nyota 5, wawili wametoa nyota 4, na mmoja ametoa nyota 3. Jumla ni nyota 56, na wastani ni 4.7. Yule wa nyota 3 akibadilisha na kuweka 4, wastani unakuwa 4.75, ambao huonekana kama 4.8. Tofauti ni ndogo mno kumpeleka mtu usiku bila usingizi. Kinachoumiza ni maneno ya yule mmoja yakibaki peke yake bila jibu, kwa sababu anayetafuta gari huyasoma malalamiko kwanza, sifa baadaye.

Mahali pa kujibu

Ili uweze kujibu kwenye Google ni lazima biashara iwe imesajiliwa na kuthibitishwa kuwa ni yako. Huduma hiyo huitwa Google Business Profile na haina malipo. Ukishathibitishwa, ingia kwa anwani ile ile ya barua pepe uliyojisajili nayo, andika jina la biashara yako kwenye Google, kisha bonyeza Read reviews. Chini ya kila oni kuna neno Reply. Andika jibu lako, soma tena, halafu litume.

Jibu lako halitoki kwa jina lako binafsi. Huonekana chini ya maneno ya mteja likiwa na kichwa Response from the owner, yaani ni biashara inayosema. Mteja hupewa taarifa kwamba amejibiwa, na ana uwezo wa kurudi kubadilisha alichoandika pamoja na nyota zake. Wewe pia unaweza kurekebisha au kufuta jibu lako, lakini huwezi kufuta maneno ya mteja. Kilichopo ni kuyaripoti endapo yanavunja kanuni za Google, kama vile matusi au maoni ya mtu ambaye hakuwahi kuwa mteja. Lalamiko la kweli lisilokupendeza halimo katika kundi hilo.

Jibu jipya linaweza kuchelewa kidogo kuonekana kwa sababu Google hulipitia kwanza. Usilitume mara ya pili kwa kudhani halikufika.

Jibu kwa aliyesifu

Wengi hudhani sifa haihitaji jibu, au hubandika maneno yale yale kwa kila mtu: "Asante kwa maoni yako, karibu tena." Msomaji anayeteremka kwenye ukurasa huyaona maneno hayo mara 10 mfululizo na kuelewa kwamba hakuna anayesoma. Afadhali kujibu wateja 3 kwa makini kuliko kuwabandikia 30 maneno ya muhuri.

Jibu la sifa lina sehemu mbili tu. Kwanza, shukrani inayotaja kitu ambacho mteja mwenyewe amekitaja. Pili, neno moja linalomfaa yeye au msomaji anayefuata. Tuseme mteja wa Koboko ameandika: "Dereva alinisaidia kushusha magunia mpaka ndani ya duka. Nauli ilikuwa ile ile tuliyokubaliana." Jibu linaweza kuwa hivi:

"Asante sana, ndugu. Tumemsomea dereva maneno yako mbele ya wenzake na amefurahi. Nauli tunayokubaliana ofisini ndiyo unayolipa, haiongezwi njiani. Tunakushukuru kwa kutuamini."

Angalia sentensi ya tatu. Haimsifu mwenye gari, bali inamweleza msomaji mgeni utaratibu wa ofisi, na imetoka ndani ya maneno ya mteja. Tangazo halikuongezwa. Mtu akikusifu nawe ukaanza kumworodheshea bei mpya na huduma zako nyingine, shukrani inageuka kuwa biashara na ladha yake inapotea.

Sentensi ya pili nayo iandikwe tu ikiwa ni kweli. Kama hukumsomea dereva, usiandike kwamba ulimsomea. Arua ni jiji tangu Julai 2020, lakini wenye magari bado wanajuana, na dereva mwenyewe ana simu.

Jambo jingine ni lugha. Ukanda huu una Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili, Kilingala, Kiarabu cha Juba, Kiingereza, na Kifaransa kwa wageni wa Kongo. Kanuni nyepesi ni kumjibu mtu kwa lugha aliyoandikia. Akiandika Kiswahili cha Bunia, mjibu kwa Kiswahili cha kawaida bila kumsahihisha. Akiandika Kilugbara, hata kama hujui kukiandika vizuri, unaweza kuanza na "Awadifo" kisha ukaendelea na Kiswahili. Usijaribu kuandika jibu zima kwa lugha usiyoijua, kwa kuwa kosa dogo linaweza kugeuza heshima kuwa dhihaka.

Kuhusu kumwita mtu, jina la kwenye akaunti si lazima liwe jina lake, na picha haionyeshi kila mara kama ni mwanamume au mwanamke. "Ndugu" au "mteja wetu" yanatosha. "Mama" na "mzee" ni maneno ya heshima ukiwa unamjua mtu ana kwa ana. Mtandaoni unaweza kumwita "mzee" kijana wa miaka 25.

"Pole" na "tunaomba radhi" si neno moja

Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika, na kosa lenyewe liko katika uchaguzi wa neno moja. Katika Kiswahili, "pole" ni kumhurumia mtu kwa lililompata. Anayesema pole hasemi kwamba yeye ndiye aliyelisababisha. "Samahani" na "tunaomba radhi" ni kukiri kwamba kosa ni lako. Mteja anazijua tofauti hizo tangu utotoni, hata kama hajawahi kuzieleza.

Mteja akilalamika kwamba msongamano wa malori Oraba ulimlaza njiani, neno ni pole, kwa kuwa foleni ya forodha si yako. Vivyo hivyo kwa abiria wa Kampala aliyechelewa mwaka 2024 wakati daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na magari kulazimika kuzunguka. Ukimwomba radhi kwa jambo usilolimiliki, unaonekana una mambo ya kuficha, na safari ijayo atakudai fidia kwa kila foleni.

Lakini karani wako akisahau kumpigia mteja simu, ukamwambia "pole kwa usumbufu", umemtukana kwa upole. Ni sawa na mtu aliyekukanyaga mguu kisha akakupa pole kana kwamba jiwe ndilo lililokukanyaga. Hapo hakuna njia ila "tunaomba radhi".

Wakati mwingine yote mawili yanahitajika. Foleni ya Oraba si kosa lako, ila kutomwambia mteja mapema hati gani atatakiwa kuwa nazo ni kosa lako. Jibu litasema pole kwa foleni na radhi kwa kutomweleza, kila neno mahali pake.

Kuna pia "kama". "Samahani kama uliudhika" inamrudishia mteja shaka: huenda hakuudhika, huenda ni hasira zake tu. Yeye ameshaandika kwamba aliudhika. Ondoa "kama" na sentensi itasimama.

Kisa kimoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano tuliouunda kutokana na aina ya malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika njia hii. Ofisi ya vifurushi ya Arua ina tawi Koboko, mwendo wa kilomita 50 na kitu kwa barabara ya lami. Mteja mwenye duka Koboko ametoa nyota 3 na kuandika:

"Vijana wa ofisini ni waungwana na katoni zangu 6 za sabuni zilifika zote salama. Lakini niliambiwa mzigo utafika saa 9 alasiri, ukafika kesho yake asubuhi, na hakuna aliyenipigia simu. Nilifunga duka mchana kuja kuwasubiri."

Hili ni lalamiko jepesi. Mzigo haukupotea, na mteja ameanza kwa kusifu. Meneja aliandika jibu la kwanza papo hapo:

"Ndugu mteja, ucheleweshaji ulisababishwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wetu. Kampuni yetu inasifika kwa huduma bora West Nile nzima. Samahani kama uliudhika. Suala lako linashughulikiwa. Karibu tena."

Bahati nzuri hakulituma. Tulitazame. Sentensi ya kwanza ni dai ambalo hajalichunguza. Ya pili ni kujisifu mbele ya mtu anayelalamika. Ya tatu tumeshaieleza. Ya nne ina kitenzi cha kutendwa, "linashughulikiwa", ambacho kinaficha mtendaji: nani anashughulikia, na lini? Lugha yetu ina urahisi mkubwa wa kuficha mtendaji kwa herufi moja tu. "Mzigo ulicheleweshwa" haisemi ni nani aliyeuchelewesha. "Tulichelewesha mzigo" inasema. Msomaji huamini zaidi ya pili.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza kabla ya kuandika. Meneja alifungua daftari la mizigo la siku ile, akampigia dereva na kuzungumza na karani wa Koboko. Mambo mawili yalijulikana. Kwanza, gari lilipangwa kuondoka Arua saa 7 mchana, lakini liliondoka saa 11 jioni kwa kuwa lilikuwa linangoja kujaa. Lilipofika Koboko ofisi ilikuwa imeshafungwa. Kwa hiyo "nje ya uwezo wetu" haikuwa kweli. Kungoja gari lijae ulikuwa uamuzi wa ofisi. Pili, karani hakupiga simu kwa sababu hakuwa na namba. Daftari lilikuwa na nafasi ya namba ya mtumaji tu, na mtumaji alikuwa muuza jumla wa Arua. Namba ya mpokeaji haikuandikwa popote.

Hapo ndipo dawa ilipopatikana, na ilikuwa rahisi. Daftari liliongezwa safu moja ya namba ya mpokeaji. Karani wa Arua akapewa agizo kwamba ikifika saa 10 na gari halijaondoka, ampigie kila mpokeaji wa mzigo wa siku hiyo. Baada ya hapo ndipo meneja alipoandika:

"Asante, ndugu, kwa kutueleza, na kwa maneno mema kuhusu vijana wetu. Ni kweli: gari letu lilichelewa kutoka Arua, hatukukupigia simu, nawe ukafunga duka bure. Tunaomba radhi. Sasa tunaandika namba ya mpokeaji, na ikifika saa 10 gari halijaondoka tunampigia. Tafadhali tupigie kwa namba iliyo kwenye ukurasa huu tuzungumze. Meneja, Koboko."

Jibu hili halifiki maneno 60. Lina mambo matano kwa mpangilio: shukrani yenye kutaja jambo, kosa kwa maneno ya mteja mwenyewe, kuomba radhi bila nyongeza, kilichobadilika, na njia ya kuzungumza pembeni. Kilichomuuma zaidi mteja hakikuwa saa zile za kuchelewa, bali duka alilolifunga akapoteza mauzo. Meneja alilitaja hilo, na hiyo ndiyo sehemu itakayomfanya mteja aamini kwamba amesomwa.

Angalia pia wakati wa vitenzi. "Sasa tunaandika" ni jambo lililokwisha kuanza. "Tutahakikisha halitatokea tena" ni ahadi ambayo pancha moja njiani inaweza kuivunja, na maneno yako yatabaki pale kama ushahidi. Ahidi kile kilicho mikononi mwako: simu unaweza kuipiga hata gari likiwa limeharibika.

Mwisho, "karibu tena" haimo. Kwa aliyesifu ni neno zuri. Kwa aliyelalamika, likija kabla hajatatuliwa shida yake, linasikika kama mlango unaofungwa taratibu. Mwachie aje mwenyewe.

Yasiyopaswa kuandikwa hadharani

Ushawishi mkubwa ni kuthibitisha kwamba una kumbukumbu: "Wewe ni yule uliyetuma katoni 40 za sigara kwenda Yei tarehe 12." Usifanye hivyo. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa kazi aliyozikusanyia. Taarifa za kwenye hati ya mzigo zilikusanywa ili mzigo ufike, si kumjibia mtu mtandaoni.

Kuna sababu nyingine ambayo wenye magari wanaijua bila kusoma sheria. Barabara za ng'ambo ya Kaya zimekuwa na matatizo ya usalama kwa miaka mingi. Kutaja hadharani bidhaa gani, kiasi gani na siku gani ni kumtangaza mteja wako kwa watu usiowajua. Rudia yale tu aliyoyaandika yeye mwenyewe, na hata hayo uyapunguze. Katika jibu la mfano wetu sabuni na idadi ya katoni havikutajwa, ingawa mteja mwenyewe alivitaja.

Usiwalaumu maofisa wa forodha kwa jina la kituo au mtu, hata kama una hasira. Mteja hatafaidika, nawe kesho utapita dirisha lile lile. Usimlaumu dereva pia. Mteja alilipa ofisi, hakumlipa dereva, na jibu linalomsukumia lawama mfanyakazi linamwambia msomaji kwamba hata yeye siku moja atasukumiwa.

Usitaje fidia hadharani. Kama umeamua kumrudishia mteja sehemu ya nauli, mwambie kwa simu. Ukiandika "tutakurudishia shilingi 10,000", kila mwenye mzigo uliochelewa ataona bei ya lalamiko. Zaidi ya hapo, kanuni za Google zinakataza kumpa mteja zawadi, punguzo au fedha ili aweke maoni, ayabadilishe au ayaondoe. Ukimlipa kwa haki yake, mlipe bila sharti. Akiamua mwenyewe kuongeza nyota, ni hiari yake.

Lini ujibu, na lini uache

Kwa lalamiko jepesi, siku moja au mbili zinatosha. Jibu la dakika ile ile mara nyingi ni la hasira, kama lile la kwanza la meneja wetu. Jibu la baada ya miezi mitatu linaonekana kama umelazimishwa. Kwa sifa hakuna haraka. Karani anaweza kuzikusanya na kuzijibu mara moja kwa wiki, siku isiyo ya soko.

Mteja akijibu kwa kubadilisha maneno yake na kuongeza lawama, rekebisha jibu lako mara moja tu, kisha mpigie simu. Mabishano ya hadharani hayana mshindi, na msomaji wa tatu hakumbuki nani alianza.

Lalamiko likiwa zito, mfumo huu haufai. Mzigo umepotea, mtu ameumia, au mteja anadai kwamba ameibiwa: hapo andika sentensi mbili tu, kwamba umesoma, umelichukulia kwa uzito, na meneja anampigia leo. Kisha mpigie kweli. Maelezo ya nani ana kosa na nani atalipa yaende kwenye maandishi kati yenu, na kwa wakili au polisi ikibidi.

Jinsi ya kujua kama majibu yanafanya kazi

Usihesabu nyota kila asubuhi. Kuna dalili tatu zilizo rahisi kuziona. Ya kwanza ni mteja aliyelalamika kurudi na mzigo mwingine, daftari litakuonyesha. Ya pili ni malalamiko mapya kutaja jambo tofauti na lile la awali. Lalamiko la simu likikoma na kuja la mizani, umetatua la kwanza. Lakini lile lile likijirudia mara ya pili baada ya wewe kuandika "sasa tunapiga simu", jibu lako limegeuka kuwa uongo ulioandikwa, na kazi iliyopo ni kumuuliza karani kwa nini simu hazipigwi. Usiandike jibu jingine zuri kabla ya hapo.

Dalili ya tatu ni mgeni kuingia ofisini na kutaja jambo ulilolijibu mtandaoni. Mwenye duka wa Aru akikuuliza, "Ni kweli mkichelewa mnapiga simu kabla ya saa 10?", amesoma. Mpe kalamu aandike namba ya mpokeaji mwenyewe.